Mshahara umechelewa: Namna ya kumwandikia mwenye nyumba barua ya kuomba muda

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kayole, Umoja, Dandora au Kariobangi huhitaji kalenda ili ujue kwamba leo ni tarehe 5. Utaisikia ikipanda ngazi. Ni viatu vya mwangalizi wa ploti, huyu tunayemwita keateka, akiwa na daftari kwapani, akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Kwa mwenye pesa, hodi hiyo ni salamu tu. Kwa yule ambaye mwajiri wake hajamlipa, hodi hiyo humkausha mate.

Jambo hili si geni wala si la maskini peke yao. Mnamo Aprili 2023 hata wafanyakazi wa serikali walilionja. Tarehe ya kodi ilikuwa imefika na kupita, na mshahara wa Machi haujaingia kwenye akunti zao. Basi ikiwa karani wa serikali anaweza kujipata hapo, sembuse kibarua wa ghala katika Eneo la Viwanda, ambaye mwajiri wake naye anasubiri kulipwa na mtu mwingine?

Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya barua. Si barua ya mapenzi wala ya kuomba kazi, bali ile ambayo mtu wa mshahara humwandikia mwenye nyumba kuomba muda. Wengi huiandika, na wengi huiandika vibaya. Nimeiona ikimponza mtu, kisha nikaiona ikimwokoa mtu yule yule.

Ufunguo uliopinda

Jirani yangu mmoja, baba wa watoto wawili, anaishi vyumba viwili huko Kayole. Kodi yake ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Anafanya kazi ya kupanga na kuhesabu mizigo katika ghala moja, na baada ya makato yote hupata shilingi 27,400. Mkewe hukaanga mandazi asubuhi na kuyauza kando ya barabara. Ni watu wa kujitegemea ambao hawana mazoea ya kukopa ovyo.

Mwezi mmoja wa Julai, mshahara wa Juni ulichelewa. Baba huyu alinyamaza hadi tarehe 7, akijiambia kwamba pesa zitaingia kesho. Hazikuingia. Usiku wa siku hiyo ndipo alipomtumia mwenye nyumba ujumbe kwa simu. Nilionyeshwa ujumbe wenyewe: "Mama, pole kwa usumbufu. Kazini mambo yamekuwa magumu sana na hatujalipwa. Nakuomba univumilie, nitalipa mara tu mshahara ukitoka. Mungu akubariki."

Jibu lilikuja asubuhi, la maneno machache: "Utatoka lini? Na mimi benki niiambie nini?"

Hakuwa na la kujibu. Jioni ya tarehe 8 alikuta kufuli jipya juu ya kufuli lake. Watoto walikuwa wamekaa kwa jirani wa ghorofa ya chini na mikoba yao ya shule, wakila chakula cha watu wengine. Usiku huo alikopa shilingi 9,000 kwa njia ya simu, akalipa, kufuli likatolewa. Mkopo ule ulimla hadi Septemba.

Msomaji, usikimbilie kumlaani mama yule. Soma tena ule ujumbe ukijiweka katika kiti chake. Haukumwambia ni kiasi gani, haukutaja siku, wala haukuwa na senti moja iliyoambatana nao. Tena ulifika tarehe ya kodi ikiwa imeshapita siku mbili. Baraka za Mungu ni nzuri, lakini karani wa benki hazipokei. Wengi wa wenye nyumba wa Eastlands wamejenga kwa mkopo, na mkopo nao una tarehe yake ya mwezi.

Zamani mfuko ulikuwa mmoja

Si kila mkazi wa Eastlands aliyewahi kuandika barua kama hii. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za Reli. Mtu alifanya kazi ya Reli na kulala katika nyumba ya Reli. Mwajiri na mwenye nyumba walikuwa ni yule yule, kwa hiyo mshahara ulipokawia, aliyekuwa akidai kodi alijua sababu bila kuandikiwa.

Baadaye jiji likapanuka kuelekea mashariki. Mradi wa ploti wa Dandora ulioanza mwaka 1975 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kisha Umoja na Kayole, ulileta mwenye nyumba wa aina nyingine: mtu binafsi mwenye ploti yake na madeni yake. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao au amlipe pesa za kutosha za kupangia. Karibu wote hulipwa hizo pesa, nazo huja ndani ya mshahara ule ule. Mshahara ukikwama, na kodi imekwama humo ndani.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mshahara wa mtu wa mwezi unaiva mwezi unapoisha, na mwajiri asiyelipa anatenda kosa. Lakini shikilia neno hili, kwa maana wengi hujikwaa hapa: kosa la mwajiri wako si udhuru wako mbele ya mwenye nyumba. Mkataba wa nyumba ni wako na yeye, wala hauijui kampuni yako. Tarehe 5 ikipita hujalipa, wewe ndiwe mdaiwa. Kwa hiyo barua yako haidai haki. Inaomba fadhila, na mwenye kuomba fadhila yampasa aifanye iwe rahisi kutolewa.

Hesabu kwanza, kalamu baadaye

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule ule, ghala lile likabandika memo tena. Safari hii ilitoka tarehe 27. Ilisema kwamba mteja mkubwa hajalipa, na mshahara wa Oktoba utalipwa tarehe 18 Novemba. Jirani yangu alinijia jioni na daftari la mtoto mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "kufuli lile sitaki kuliona tena. Nisaidie maneno."

Nikamwambia maneno yangoje. Tuandike kwanza hesabu, kwa sababu barua ya kuomba muda ni hesabu iliyovikwa adabu.

Kwanza tuliuliza: nyumba nzima ina pesa ngapi mkononi? Akiba yake kwenye simu na pesa za mandazi za mkewe zilifika shilingi 7,500.

Pili: kuanzia tarehe 5 hadi mshahara uingie, kuna siku ngapi za kula na za kwenda kazini? Hapa alitaka kuhesabu hadi tarehe 18. Nikamkatalia. Tarehe iliyo katika memo ni siku ambayo mhasibu anakusudia kutuma pesa. Zikitoka benki moja kwenda nyingine zaweza kulala njiani, na siku za mapumziko zikiingia katikati mambo huzidi. Tukaongeza siku tatu, ikawa tarehe 21. Kutoka tarehe 5 hadi 20 ni siku 16. Chakula chao ni shilingi 250 kwa siku, basi ni shilingi 4,000. Nauli ya matatu kwenda na kurudi ni shilingi 120, na siku za kazi ni 12, basi ni shilingi 1,440. Jumla shilingi 5,440.

Tukatoa 5,440 katika 7,500. Zikabaki 2,060. Basi anachoweza kulipa tarehe 5 bila watoto kulala njaa ni shilingi 2,000, na deni la kuombewa muda ni shilingi 7,000.

Angetaka kuonyesha ujasiri, angelipa 5,000 tarehe 5. Wengi hufanya hivyo kwa aibu. Kisha tarehe 12 hana nauli, anakopa kwa simu, na mshahara unapoingia unakuta mkopo umeutangulia mlangoni. Lipa kile ambacho hesabu imekuruhusu, kiwe kidogo namna gani. Shilingi 2,000 zilizofika kwa siku yake humwambia mwenye nyumba kwamba mtu huyu hajatoroka.

Shimo la mwezi wa pili

Nikamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Na mshahara wa Novemba utakuja lini?"

Akanitazama. Hakuna aliyejua. Memo ilizungumza juu ya Oktoba tu. Lakini kampuni iliyolipa Oktoba tarehe 18 Novemba, itapata wapi pesa za mishahara miwili ndani ya siku 12? Mara nyingi haipati. Mshahara wa Novemba nao huja tarehe 18 Desemba, na wa Desemba tarehe 18 Januari. Mfanyakazi hujiambia kwamba mshahara umechelewa, kumbe tarehe ya mshahara imehama.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uandike barua ya aina gani. Mshahara ukichelewa mara moja, unaomba siku chache na mambo yanarudi yalivyokuwa. Ukiwa umehama, siku chache hazitoshi. Utaziomba tena mwezi ujao, na ule mwingine, na kila barua itakuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza, mpaka mwenye nyumba aache kuzisoma.

Tukapiga hesabu ya mbele, tukidhani baya. Mshahara ukiingia, 27,400, atoe 7,000 za kodi. Zinabaki 20,400. Karo iliyosalia ni 4,500, gesi na stima 1,400. Zinabaki 14,500. Ikiwa mshahara mwingine hautakuja hadi tarehe 18 Desemba, pesa hizo zimfikishe siku 30. Chakula 7,500, nauli ya siku 22 ni 2,640. Jumla 10,140. Zinabaki 4,360, na tarehe 5 Desemba anadaiwa 9,000.

Umeliona shimo? Mtu huyu angelipa Novemba vizuri, akapongezwa, kisha tarehe 5 Desemba akajikuta pale pale, bila ya kosa jipya. Afadhali mwenye nyumba alijue shimo hili leo kutoka kwako kuliko aligundue mwenyewe baadaye. Hesabu yenyewe ilikuwa imetuonyesha njia: anaweza kulipa 4,000 tarehe 5 na 5,000 tarehe 21. Kodi ni ile ile, ila imegawanywa mara mbili ili ifuate mshahara uliohama.

Barua yenyewe

Baada ya hapo maneno hayakutuchukua hata nusu saa. Nimeondoa majina na nambari, lakini barua ilikuwa hivi:

Nyumba nambari ____, Kayole
Tarehe 1 Novemba

Kwa Mama mwenye nyumba,

KUH: OMBI LA MUDA WA KULIPA KODI YA NOVEMBA

Pokea salamu zangu na za jamaa yangu. Mimi ni mpangaji wako wa nyumba nambari ____, na kodi yangu ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Hadi mwisho wa Oktoba sina deni lolote.

Mwajiri wangu ametutangazia kwamba mshahara wa Oktoba, ambao kwa kawaida huingia tarehe 30, utalipwa tarehe 18 Novemba. Nakala ya tangazo hilo nimeiambatisha na barua hii.

Kwa sababu hiyo naomba nilipe kodi ya Novemba kwa namna hii: shilingi 2,000 tarehe 5 Novemba, na shilingi 7,000 zilizosalia kabla ya mwisho wa siku ya tarehe 21 Novemba.

Mwajiri hajasema mshahara wa Novemba utalipwa lini. Ikiwa nao utakuja katikati ya Desemba, naomba kodi ya Desemba niilipe shilingi 4,000 tarehe 5 na shilingi 5,000 tarehe 21. Nitakujulisha kabla ya tarehe 30 Novemba ikiwa itakuwa hivyo. Mshahara ukirudi tarehe yake, nami nitarudi kulipa yote tarehe 5 kama kawaida.

Likitokea lolote la kubadilisha tarehe hizi, nitakuarifu kabla ya siku yenyewe, si baadaye.

Ukikubali, nitashukuru ukitia sahihi chini ya nakala hii niliyoileta pamoja. Ikiwa una tarehe nyingine inayokufaa zaidi, niko tayari kuja tuzungumze.

Wako kwa heshima,
Mpangaji, nyumba nambari ____
Simu ____

Imeisha. Tazama mambo yasiyokuwamo. Hakuna habari za ugonjwa wa mama mzazi, hakuna kilio, hakuna kumtukana mwajiri. Huzuni nyingi katika barua humfanya msomaji ashuku kwamba tatizo ni kubwa kuliko linavyosemwa. Aya ile ya pili ina sababu moja tu, na sababu hiyo ina karatasi yake.

Karatasi hiyo ni muhimu. Ikiwa kazini kwako hakuna memo, iombe ofisi ikuandikie mistari mitatu ya kuthibitisha kwamba mshahara umechelewa na unatarajiwa lini. Wakikataa, chukua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu au minne. Itaonyesha mshahara ukiingia tarehe zile zile kila mwezi, kisha pengo. Hilo nalo ni ushahidi, na lina faida moja zaidi: linaonyesha kwamba hadi sasa umekuwa mtu wa kulipwa na kulipa.

Nambari hazina budi kuwa sahihi. Barua hii pia ni ungamo la deni. Ukiandika kwamba unadaiwa 9,000 ilhali ulishalipa 1,000 mkononi mwa keateka, umejifunga kwa kalamu yako. Kabla ya kuandika, pitia jumbe za M-Pesa na risiti, kisha andika kilicho kweli.

Kuna sentensi tatu ambazo jirani yangu alitaka kuzitia nami nikazifuta. Ya kwanza: "Nisipolipa tarehe hiyo nitahama." Hiyo ni kujipa notisi mwenyewe. Ya pili: "Kata kwenye dipoziti." Dipoziti yake ya 9,000 imewekwa kwa ajili ya uharibifu na ya siku ya kuondoka. Ukiila leo, mwenye nyumba hana kinga tena, naye atataka uirudishe juu ya kodi. Ya tatu: "Nitalipa mshahara ukitoka." Hiyo si tarehe. Ndiyo iliyomletea kufuli mwezi wa Julai.

Kuipeleka

Barua hii haitumwi kwa keateka. Yeye hana mamlaka ya kukubali, na pengine itakaa katika daftari lake hadi tarehe 5 ipite. Kama nyumba iko chini ya ajenti, ipeleke kwa ajenti na umwombe apige muhuri wa kupokea. Kama mwenye nyumba anapokea kodi mwenyewe, mpelekee mwenyewe, na nakala mbili.

Jirani yangu alikwenda tarehe 2 jioni, akiwa na mkewe. Mama alisoma barua yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akawaambia waketi.

"Baba, Julai hukuniambia hivi," akasema.

"Julai sikujua la kusema, Mama. Nilikuwa na aibu."

"Aibu yako ilinigharimu. Tarehe 21 sitaki. Mkopo wangu unakatwa tarehe 20. Nipe 19."

Hapo ndipo hesabu ilipomsaidia. Asiyekuwa na hesabu angesema ndiyo kwa haraka ili aondoke. Yeye alimweleza kwamba pesa zinatumwa tarehe 18 na zaweza kulala benki siku mbili. Wakakubaliana: zikiingia tarehe 18 au 19, alipe siku hiyo hiyo. Zikikawia, alete 1,000 za mandazi tarehe 19 na salio tarehe 21. Mama akayaandika maneno hayo kwa mkono wake chini ya barua, akatia sahihi, nao wakarudi na nakala yao.

Kuhusu Desemba alisita. Alisema hataki kila mpangaji aje na tarehe yake, ploti ikawa soko. Akakubali Desemba tu, na Januari wazungumze upya.

Tarehe 5 Novemba alilipa 2,000. Tarehe 18 ikafika na mshahara haukuingia. Tarehe 19 asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akatuma 1,000 na ujumbe: "Mama, hizi ni 1,000 kama tulivyoandika. Mshahara haujaingia, nitakupa habari leo jioni." Jioni akatoa habari: ofisi imesema kesho. Tarehe 20 saa tisa mshahara ukaingia, na kabla ya saa kumi zile 6,000 zilizosalia zikawa zimefika kwa mama. Hakuna kufuli lililoonekana.

Na mshahara wa Novemba? Ulikuja tarehe 17 Desemba. Ulikuwa umehama, kama tulivyohofia. Lakini 4,000 za tarehe 5 zilikuwa zimeshalipwa na mama alikuwa anajua.

Akikataa je?

Kuna atakayekataa, na anayo ruhusa ya kukataa. Lakini kukataa si sawa na kukutoa. Kukutoa nyumbani kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama. Kuuza vyombo vyako kwa sababu ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni anayefuata utaratibu wa sheria, wala si kazi ya keateka na vijana wawili. Kufuli lile la Julai, ingawa ni jambo la kawaida mitaani, halikuwa na amri yoyote nyuma yake. Wale ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi wanalindwa pia na sheria ya kudhibiti kodi na baraza lake. Nyumba nyingi za Kayole na Umoja zimepita kiwango hicho zamani, na mashauri yao huenda mahakamani.

Lakini sikushauri uanze na sheria. Barua inayotaja mahakama katika aya ya kwanza humgeuza mwenye nyumba kuwa mshtakiwa, na mshtakiwa hatoi fadhila. Weka nakala zako vizuri. Siku ukihitaji msaada wa sheria, barua iliyoandikwa kabla ya tarehe 5, memo, na ujumbe wa M-Pesa wa zile 2,000 zitakusemea vizuri zaidi kuliko maneno ya mdomo.

Na mwajiri je? Usimsahau. Mshahara unaochelewa mwezi wa tatu mfululizo si mkosi tena. Wafanyakazi waupeleke kwa chama chao kama wanacho, au katika ofisi ya kazi, wakiwa wengi na si mmoja mmoja. Jirani yangu na wenzake wameanza. Aliniambia kwamba ile nakala ya memo aliyomwekea mwenye nyumba ndiyo hiyo hiyo waliyoibeba kwenda huko.

Nilimwuliza juzi alichojifunza. Akafikiri, akasema: "Mwalimu, nilidhani Mama alitaka pesa. Kumbe kwanza alitaka tarehe."

Basi, msomaji, ukiona memo imebandikwa ukutani kazini kwako, usingoje hodi ya keateka. Chukua daftari la mtoto usiku huo huo, na uanze na hesabu. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.